Nilivyomweleza kiongozi wa timu mabadiliko ya mchoro wa mfumo

Wakaguzi walipomaliza kuupitia mchoro wa usanifu wa mfumo wetu wa chama cha akiba na mikopo, ilinibidi nimweleze kiongozi wa timu kilichobadilika na sababu zake. Yeye alikuwa Kampala, mimi Arua, na nilijua angesoma barua pepe kwenye simu, ambako mchoro wenye visanduku vingi hausomeki. Kwa hiyo niliiandika ieleweke hata bila kuufungua.

Hoja nzito ilihusu mshale mmoja wenye ncha mbili kati ya seva yetu na mtandao wa pesa za simu. Mshale wa namna hiyo humfanya msomaji adhani kwamba ombi la malipo hupata matokeo papo hapo, ilhali jibu la kwanza huwa `202 Accepted`, yaani ombi limepokelewa tu. Mwanachama bado hajaingiza namba yake ya siri, na matokeo huja baadaye kwa ujumbe unaotumwa na mtandao wenyewe. Ujumbe huo ukipotea, fedha huwa zimekatwa kwenye simu lakini akiba haijaongezeka. Ukija mara mbili, amana inaweza kuandikwa mara mbili.

Niliandika hivi:

> Kichwa: Mchoro wa malipo, toleo la 3: uamuzi wako unahitajika
>
> Madamu, shikamoo.
>
> Mshale wa malipo sasa ni miwili: ombi linalotoka kwetu na matokeo yanayoingia. Matokeo hupokelewa kwenye foleni, na namba ya muamala hukaguliwa kabla ya amana kuandikwa, ili ujumbe uliorudiwa usihesabiwe tena. Nimeongeza pia kazi inayouliza hali ya kila malipo ambayo matokeo yake hayajafika.
>
> Pendekezo la kutenga hifadhidata ya ripoti sikulitekeleza, kwa kuwa ripoti zetu huandaliwa usiku, wakati malipo ni machache.
>
> Naomba uamuzi: malipo yasiyojulikana hali yake yakabidhiwe mhasibu baada ya muda gani? Napendekeza saa 24.

Rangi na mpangilio wa visanduku, ingawa navyo vilibadilika, sikuvitaja, kwa sababu havibadilishi namna mfumo unavyofanya kazi. Pendekezo lililoachwa, kwa upande mwingine, lilistahili aya yake, maana mkaguzi aliyelitoa angelitafuta kwenye mchoro, akalikosa, akadhani limesahauliwa.

Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana: “Marahaba. Saa 24 ni nyingi mno kwa mchuuzi wa sokoni anayesubiri akiba yake ionekane ili aombe mkopo. Weka saa 2, na uandike kwenye mchoro ni nani anayepigiwa simu.” Nilibadilisha muda huo, nikachora kisanduku cha mhasibu wa zamu kando ya foleni, kisha nikawatumia wakaguzi toleo la 4.