Nilikataliwa kwa kukosa uzoefu, nikarudi kuuliza

Barua pepe ya kunikataa ilikuwa na mistari minne. Wa tatu ulisema wamempata mwombaji "mwenye uzoefu zaidi". Nafasi yenyewe ilikuwa ya mchambuzi wa data, na nilikuwa nimefika hadi usaili wa pili.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekataliwa na kampuni nyingine, nikawaandikia: "Naomba kujua kwa nini sikuchaguliwa." Kimya. Baadaye nilielewa. Swali la namna hiyo linasikika kama rufaa. Afisa ajira akilijibu anakuwa anatetea uamuzi ambao mara nyingi si wake, maana waliokupima ni wale wa idara. Na kila sentensi atakayoandika anaiona kama kitu ambacho kinaweza kumrudia. Rahisi kwake ni kunyamaza.

Safari hii nilingoja siku moja hasira zitulie, kisha nikajibu kwenye uzi uleule, ili asihangaike kukumbuka mimi ni nani:

"Habari za kazi. Asante kwa kunijulisha, na nimeupokea uamuzi. Nina maswali mawili mafupi. Kwa miezi mitatu ijayo nina muda wa kujenga jambo moja vizuri: ningeanza na SQL, au na namna ya kuwasilisha matokeo kwa watu wasio wa data? Pili, nafasi za wanaoanza kwa kawaida hutangazwa kwa jina gani na kipindi gani, na je, niombe upya au maombi yangu ya sasa yanabaki kwenye mfumo?"

Lile "au" ndilo lililofanya kazi. Ukimuuliza mtu "niboreshe nini?" unampa insha ya kuandika. Ukimpa vitu viwili achague, anajibu akiwa amesimama. Nilichagua viwili hivyo kwa sababu ndipo nilipojihisi kuyumba kwenye usaili. Ningetaja kitu nisichokuwa na shaka nacho, ningekuwa naomba sifa tu.

Alijibu siku ya nne. SQL, alisema: waliokusaili wameandika kwamba jumla yako ilizidi na hukushtuka. Kisha akaongeza ambalo sikuliuliza, kwamba wasifu wangu umejaa kozi lakini hauonyeshi kazi hata moja niliyoikamilisha. Kuhusu nafasi, alisema hufunguliwa bajeti mpya ikipita, kwa jina la "msaidizi wa ripoti", na kwamba mfumo wao hauhamishi maombi ya zamani, kwa hiyo niombe upya.

Msaidizi wa ripoti! Tangazo la jina hilo nilikuwa nalipita kila siku nikidhani ni kazi ya kupanga mafaili.

Kosa la ile jumla iliyozidi nililipata jioni hiyohiyo. Kwenye usaili nilikuwa nimeunganisha jedwali la oda na jedwali la malipo. Oda ya 200 iliyolipwa kwa awamu mbili ilijitokeza kwenye safu mlalo mbili, kila moja ikibeba 200 yake, na nilipojumlisha oda nikapata 400. Hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea, ndiyo maana linampita mtu. Dawa yake ni kujumlisha malipo kwanza kwa kila oda, ndipo uunganishe. Ukimaliza, hesabu:

```sql
SELECT COUNT(*), COUNT(DISTINCT oda_id)
FROM matokeo;
```

Kama kila oda inatakiwa kuwa na safu moja na namba hizo mbili hazilingani, kuna oda imejirudia.

Nikatafuta data ya wazi iliyochafuka kweli, yenye tarehe za miundo mitatu na majina yaliyorudiwa, nikaitengenezea ripoti ya kurasa mbili. Ukurasa wa pili wote ulieleza nilichokifuta na sababu zake. Kozi sikuongeza hata moja, na zile za zamani nilizibana kwenye wasifu zikawa mstari mmoja.

Wiki ya kumi nilimwandikia tena, sentensi tatu: ulinishauri SQL, hii hapa ripoti, nafasi ya msaidizi wa ripoti ikifunguliwa nitaomba. Sikumwomba anikumbuke. Ombi hilo humfunga mtu kwa ahadi asiyoweza kuitimiza, na ana majina mengi kuliko langu. Alijibu "Nimeipokea, asante," basi. Nilivunjika moyo kidogo, nakiri.

Tangazo lilitoka wiki tano baadaye, nikaomba upya kupitia mfumo kama alivyosema. Kwenye usaili, mmoja wa waliokuwepo mara ya kwanza alikuwa na ile ripoti mbele yake, imechapishwa, imefunguliwa ukurasa wa pili. Alianza na safu 312 nilizozifuta: "Hizi, ulijuaje kwamba zimerudiwa na si wateja wawili wenye jina moja?" Tulikaa kwenye swali hilo karibu nusu saa. Barua iliyofuata nayo ilikuwa na mistari minne, na wa tatu ulitaja tarehe ya kuanza kazi.