Chanzo kimoja kikigoma, dashibodi ionyeshe nini?

Dashibodi ya makusanyo ninayoitunza kwenye kampuni ya biashara ya jumla hujisasisha alfajiri kutoka vyanzo vitatu: fedha taslimu za kaunta, malipo ya simu na taarifa ya benki. Kinachogoma mara nyingi ni malipo ya simu. Seva ikichelewa kujibu, programu yangu hukiruka na kuendelea. Je, tutoe kilichopatikana au tuzuie vyote?

Mkurugenzi alitaka vyote vizuiwe. Mtunza fedha akakataa, maana asubuhi yeye anahitaji hesabu ya taslimu tu ili azipeleke benki. Hapo nikaacha kuijadili dashibodi nzima, nikawa nauliza kisanduku kimoja kimoja: namba hii inategemea vyanzo vipi?

Chukua siku yenye taslimu 4,200,000, simu 3,100,000 na benki 1,700,000. Jumla ni 9,000,000. Simu ikikosekana inasomeka 5,900,000 bila dalili yoyote ya kasoro, kwa sababu `SUM` huruka `NULL` kimyakimya. Asilimia ndiyo hudanganya zaidi: sehemu ya taslimu inapanda kutoka 47% hadi 71%, na kikao kizima kinaweza kuisha watu wakijadili kwa nini wateja wameacha kulipa kwa simu. Kwa hiyo kisanduku cha taslimu hutoka kama kawaida, ila jumla na asilimia husubiri vyanzo vyote. Kwa kuwa kila chanzo kina mstari mmoja kwa siku, sharti lilikuwa jepesi:

```sql
SELECT siku,
  CASE WHEN COUNT(kiasi) = 3
       THEN SUM(kiasi) END AS jumla
FROM makusanyo GROUP BY siku;
```

Mkurugenzi hakupenda pengo, akaomba tuweke namba ya jana. Kwa salio la benki nilikubali, mradi saa yake iandikwe kando. Salio la jana jioni bado lina maana. Makusanyo hayaendi hivyo, kwani ya Jumatatu hayakuambii chochote kuhusu Jumanne. Pale paliandikwa tu "Malipo ya simu hayajafika".

Kilichonisumbua zaidi ni chanzo kinachoshindwa bila kukiri: kinajibu `200` kisha kinaleta orodha tupu. Programu inaandika 0, si `NULL`, na sharti la hapo juu linapita. Nikaamua kwamba siku ya kazi, orodha tupu ya malipo ya simu iandikwe `NULL`. Benki niliiachia Jumapili, kwa sababu kwetu siku hiyo kweli haiingizi kitu, na 0 yake ni halali.

Malipo yakifika baadaye, programu hurudia chanzo hicho peke yake kwa tarehe ile ile, na jumla hujitokeza. Sikukuu bado naziingiza kwa mkono, hasa Idi, ambayo husubiri mwezi uandame.