Siku moja maishani mwangu: boksi 24 za sabuni zimeenda wapi?

Nyumbani Arua wanajua niko Kampala "nafanya kazi ofisini". Jamani, ofisi gani. Mimi ni intani kwenye stoo huku Namanve, na jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya kuhesabu mali, nahesabu sabuni mpaka naziota.

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, saa kumi na mbili niko kwenye taksi kutoka Kireka, rolex moja ya chapati na mayai mkononi, na saa moja nishavaa rifleka.

Kabla ya kuhesabu, madam wa stoki anafunga mlango wa kupakia. Hakuna kitu kuingia wala kutoka, maana ukihesabu huku watu wanabeba utakuwa unahesabu maji ya mto. Halafu tunapewa karatasi zenye jina la bidhaa na namba ya raki tu, ile idadi ya kwenye sistemu imefichwa. Mwanzo nilidhani ni kututesa. Kumbe ukijua sistemu inasema 418, macho yako yatatafuta 418 mpaka yaipate, hata kama haipo.

Saa mbili mpaka saa tano ni mafuta, chumvi, biskuti, hakuna cha kusimulia.

Saa tano nikafika kwenye sabuni ya miche. Paleti moja ina boksi 8 kila safu, safu 5, kwa hiyo 40. Paleti kamili 9, hapo ni 360, halafu ile iliyofunguliwa iko juu kabisa ya raki, nikaisoma kutoka chini nikaandika 36. Jumla 396. Mwenzangu tunayehesabu naye, kila mtu na karatasi yake, ana 394. Tukabishana pale kama wapiga debe, mwisho kijana wa foklifti akaishusha paleti na kumbe nyuma kuna shimo la boksi 2 ambalo kutoka chini halionekani. Ni 394. Niliona aibu, lakini afadhali aibu ya saa tano kuliko ya kwenye ripoti.

Madam akafungua sistemu: 418. Zimepungua 24, na kwa bei ya kununulia ya shilingi 50,000 kila boksi hiyo ni 1,200,000. Hapo ndipo siku ikageuka, sikumbuki hata tulikula saa ngapi.

Mzee wa stoo akanivuta pembeni, "Mwanangu, andika 418, jumatatu zitaonekana." Nikamwambia mzee wangu, samahani, nikiandika 418 leo, mwezi ujao pengo litakuwa palepale na saini itakuwa yangu. Akanuna. Sikumlaumu sana, yeye ndiye huulizwa kila kitu kikipotea.

Basi nikaanza na makaratasi, na ushauri wangu kwa intani mwenzangu ni huu, usianze kutafuta mwizi, anza na karatasi za siku mbili za mwisho. Nikachukua delivari noti za alhamisi na ijumaa nikazilinganisha moja moja na invoisi zilizoingizwa kwenye sistemu. Joto lile chini ya mabati, karatasi zinanatana, nyingine ina doa la chai juu ya namba yenyewe! Karibu saa tisa nikaipata: ijumaa jioni lori liliondoka na boksi 20 za sabuni, mteja kasaini, lakini mtu wa invoisi alikuwa ameshaenda nyumbani. Mali imetoka, sistemu bado inaamini iko. Milioni nzima, hakuna aliyeiba hata mche.

Zikabaki 4. Nikaenda kwenye kile kizimba cha vitu vilivyoharibika, nikakuta boksi 3 zilizolowana, zimetolewa kwenye raki na hakuna aliyejaza fomu ya kuzihamisha, kwa hiyo kwenye sistemu bado ni nzima na ziko rakini. Mzee mwenyewe ndiye aliyenionyesha pale zilipo, kununa kumeisha.

Ile moja nimeitafuta mpaka miguu ikakataa. Chini ya raki, mapokezi, hata kwenye sabuni ya unga. Hamna.

Ripoti nikaiandika sijui saa kumi na mbili sijui saa moja, mstari kwa mstari: 20, imetoka bila invoisi, iingizwe kwa tarehe ya ijumaa. 3, zimeharibika, zihamishwe. 1, sababu haijajulikana, shilingi 50,000. Mkono ulitaka sana kuiongeza kwenye zile zilizoharibika ziwe 4 nikalale.

Madam akasoma akiwa amesimama, kalamu ikasimama kwenye ule mstari wa mwisho. "Na hii moja?"

"Sijaipata, madam."

Akasaini. Mzee akasaini. Nikatoka kutafuta taksi, na jamu ya Bweyogerere ilikuwa inanisubiri.