Jinsi Nilivyopanga Jedwali la Kazi Zilizopita Katika Taarifa ya Uwezo ya Kampuni Ndogo ya Ujenzi

Afisa ununuzi hasomi taarifa ya uwezo, yaani maelezo mafupi ya kazi ambazo kampuni imefanya na inaweza kufanya, kama mtu anavyosoma barua. Mbele yake ana fomu ya tathmini yenye vigezo vilivyotoka kwenye nyaraka za zabuni. Anafungua bahasha ya mzabuni, anatafuta jibu la kigezo cha kwanza, anaweka alama, anashuka kwenye kinachofuata. Jibu lisipoonekana haraka, kigezo huandikwa hakijatimizwa, hata kama kazi yenyewe ilifanyika na bado imesimama.

Kwa hiyo nilipokuwa naipanga upya taarifa ya kampuni ndogo inayojenga mitaro ya maji ya mvua na kalvati, historia ya kampuni na maneno ya dira niliyaweka kando. Nilianza na jedwali la kazi zilizopita, kwa sababu hapo ndipo kampuni ndogo yenye sifa inapotolewa kwenye mashindano kwa uandishi tu.

Mstari mmoja wa jedwali la zamani ulisomeka hivi: "Ujenzi wa barabara na miundombinu yake. Mteja: serikali. Hali: imekamilika." Hakuna uongo hapo, ila hakuna cha kutumia pia. Chukua kigezo cha kawaida kinachodai mikataba 2 ya aina na ukubwa unaofanana, iliyokamilika ndani ya miaka 5 iliyopita. Mstari ule hauonyeshi aina ya kazi, ukubwa wake, mwaka ilipoisha, wala kama kampuni ilikuwa mkandarasi mkuu au ilipewa kipande tu. Afisa haruhusiwi kukisia, na mwenye haki hatakisia.

Niliuandika upya hivi:

"Mtaro wa zege wa maji ya mvua, mita 640, upana wa ndani mita 0.6, kina mita 0.8, kuta na sakafu unene wa mita 0.15, zege mita za ujazo 240. Kalvati 3 za bomba, kipenyo milimita 900. Nafasi yetu: mkandarasi msaidizi, asilimia 22 ya thamani ya mkataba mkuu. Kuanza: Machi 2022. Kukabidhi: Novemba 2022. Cheti cha kukamilika: Kiambatisho 3, ukurasa wa 7."

Vipimo sikuviweka kwa mapambo. Kwenye kamati ya tathmini kwa kawaida yumo mhandisi au mkadiriaji majenzi, na huyo hupiga hesabu. Sakafu ya mtaro ina upana wa mita 0.9 ukijumlisha unene wa kuta mbili. Zidisha kwa 0.15, unapata mita za mraba 0.135. Kuta mbili za kina cha mita 0.8 na unene wa 0.15 zinatoa 0.24. Jumla ni 0.375, na ukizidisha kwa mita 640 unapata mita za ujazo 240 za zege la mtaro. Idadi zikishikana hivyo, mtaalamu huyo anaamini mistari mingine bila shida. Zikigongana, kwa mfano kama mstari ungedai mita za ujazo 600 kwa mtaro wa vipimo hivyo, ataanza kutilia shaka kila kitu, hata vyeti halali. Ndiyo maana idadi zote nilizitoa kwenye hati ya mwisho ya malipo, ambayo ndiyo yenye vipimo vya kazi iliyojengwa kweli. Jedwali la bei la zabuni halifai kwa hili, kwa kuwa linaonyesha kilichokadiriwa kabla kazi haijaanza.

Asilimia 22 ndiyo iliyoleta ubishi mkubwa ndani ya kampuni. Wenye kampuni hupenda kuandika thamani ya mkataba wote wa barabara, kwani inaonekana nzito. Lakini nyaraka nyingi za zabuni, zikiwemo zile za kawaida za Benki ya Dunia, humhesabia mkandarasi msaidizi sehemu yake tu ya thamani. Afisa akikuta thamani nzima kwenye jedwali na barua ya mkandarasi mkuu inayotaja kipande, anachokiona ni taarifa isiyo ya kweli, na adhabu yake ni kubwa kuliko kukosa alama. Ukiiandika sehemu yako mwenyewe, umemwondolea kazi ya kuitafuta. Na kipande cha mtaro kilichoelezwa vizuri kina uzito kwenye zabuni ya mitaro kuliko kilomita za lami ambazo hukuzimwaga wewe.

Thamani nayo ina mtego wake. Kazi ya ujenzi mara nyingi huisha kwa kiasi tofauti na kilichosainiwa, kwa sababu ya nyongeza na mapunguzo yaliyoidhinishwa njiani. Mkataba ukionyesha kiasi kimoja na cheti kingine, andika vyote viwili kwenye mstari huohuo, "iliyosainiwa" na "ya mwisho". Tofauti isiyoelezwa husomeka kama kosa.

Jedwali lilipotulia, ukurasa wa kwanza ulijiandika wenyewe. Juu kabisa likakaa jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, kisha daraja la ukandarasi na tarehe ya mwisho ya leseni. Chini yake sentensi moja: "Tunajenga mitaro ya zege, kalvati za bomba na kuta za kuzuia udongo." Ile sentensi ya zamani iliyodai kampuni inafanya ujenzi wa aina zote niliifuta, maana haimsaidii afisa kulinganisha na chochote. Mitambo ilipewa mistari michache: aina, uwezo, na kama ni ya kampuni au ya kukodi. Ya kukodi inaambatana na barua ya mwenye mtambo, la sivyo haihesabiwi.

Kwa umbo, ilitosha karatasi moja ya A4, mbele na nyuma, herufi za ukubwa wa 11, picha mbili zenye maelezo chini yake. Rangi hafifu nilizikataa, kwani nakala za kamati mara nyingi hutolewa kwa nyeusi na nyeupe, na jedwali lenye kivuli cha kijani hutoka likiwa doa. Faili ya PDF ilihifadhiwa moja kwa moja kutoka kwenye hati, sio kupigwa picha kwa skana, ili afisa aweze kutafuta neno "kalvati" na kulipata.

Namba za kurasa za viambatisho huandikwa mwisho kabisa, baada ya zabuni nzima kupangwa na kila ukurasa kupewa namba, kwa sababu karatasi moja ikiongezwa katikati marejeo yote yanahama. Hapo nilipitia mstari kwa mstari, nikifungua ukurasa uliotajwa na kulinganisha mambo manne: jina la mteja, jina la kampuni, tarehe na thamani. Cheti kimoja kilikuwa na jina la kampuni la kabla ya kubadilishwa, hivyo nyuma yake ikaingia hati ya kubadili jina, na kwenye mstari wa jedwali yakaongezwa maneno "kwa jina la awali, tazama ukurasa wa 8".