Siku yangu moja: dada wa zege anayerisiti Kemia

Mimi nauza chipsi Mbagala. Sio mwenye kibanda, ni yule dada anayemenya viazi na kugeuza zege huku anapigiwa kelele. Novemba narisiti Kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea maana nilipata F na nataka uuguzi. Kitabu ninacho kimoja, na sio changu, ni cha dogo wa jirani yupo kidato cha tatu. Makubaliano yetu ni kwamba saa 2 usiku akimaliza homuweki anakileta, saa 12 asubuhi anapita na begi anakichukua, na nisiandike kitu ndani hata kwa penseli.

Saa 10 alfajiri. Naamka, tochi ya simu, nakaa chini mgongo ukutani. Zamani saa hii nilikuwa nanakili. Nimejaza madaftari matatu makubwa, kichwa kipigie mstari kwa kalamu nyekundu, yaani ukiyaona utasema huyu binti anasoma, halafu funga daftari niulize moli ni nini, hakuna kitu. Mkono ndio ulikuwa unasoma, mimi nilikuwa nimelala. Siku hizi nasoma kurasa mbili tu, mara mbili, halafu nachukua swali moja la mfano nalikopi kwenye kipande cha boksi bila jibu lake, njia yake siikopi hata mstari mmoja. Leo ni hili: magnesiamu gramu 4.8 ikiungua yote kwenye hewa inatoa gramu ngapi za magnesiamu oksaidi. Mlinganyo wake 2Mg + O2 → 2MgO. Nimeona walivyofanya, nikasema aah rahisi.

Hiyo "aah rahisi" ndio adui yangu, nimeshamjua. Kitabu kikiwa wazi kila kitu ni rahisi. Na kimeandikwa Kiingereza, kwahiyo nikiweza kusoma sentensi bila kukwama najiona nimeelewa, kumbe nimesoma sentensi tu.

Saa 12 dogo kapita kakichukua. Saa 1 niko kibandani. Kuwasha jiko, kuchota maji, kumenya. Hapo kwenye kumenya ndipo ninaposoma kweli, ndoo mbili za viazi ni kama saa moja na nusu hivi mikono inafanya kazi yenyewe, boksi langu nimeliegemeza kwenye mfuko wa chumvi. Najieleza kwa Kiswahili kimoyomoyo kama namfundisha mtu. Na sheria ni moja, nikikwama hakuna pa kuchungulia, kitabu kiko shule.

Leo sikukwama, nilikosea kwa raha kabisa, hiyo ndio mbaya zaidi. Nikasema magnesiamu 2 inatoa oksaidi 2, mbili kwa mbili, kwahiyo 4.8 inatoa 4.8. Nikaandika kwa mkaa pembeni, nikaendelea kukata viazi kifua mbele.

Mchana wateja wanakuja, chipsi kavu, mishikaki, kachumbari ongeza, pilipili weka pembeni. Hapo sisomi chochote msinidanganye.

Sasa kama saa 8 hivi akaja kaka mmoja na simu sikioni. Dada nifanyie zege mayai mawili. Nikavunja mawili mbele yake. Akakata simu, akachungulia kikaangio, akasema hayo mayai mbona madogo, ongeza la tatu bei hiyo hiyo. Nikamwambia kaka yangu, ni mayai mawili, umeyaona. Akasema jana kwa mwenzio nilikula mawili ya maana, haya yako mawili ni sawa na moja na nusu. Nyuma yake foleni watu wanne, mmoja ananinyooshea hela kwa juu ya kichwa chake, bosi ananiangalia kwa jicho, zege linaanza kushika chini. Nikalegeza moto. Yeye anaendelea, mayai ya kisasa mnayapata trei bei chee mnatuuzia bei ya kienyeji, mara anataka arudishiwe hela, mara hataki, mara anataka nimwite bosi na bosi yupo hapo hapo mbele yake. Mimi jasho linaingia machoni, nikapandisha sauti ambayo sijui ilitoka wapi: kaka, mayai hayapimwi kwa kilo, yanahesabiwa! Liwe kubwa liwe dogo, moja ni moja, trei ni 30!

Watu wakacheka. Akalipa, akala, akaacha nusu ya kachumbari makusudi. Lile zege lilikuwa limeungua upande mmoja, nilimgeuzia chini. Nisameheni.

Lakini sentensi yangu mwenyewe ikanikaa kichwani wakati nageuza zege la mtu wa tatu. Zile 2 na 2 za kwenye mlinganyo ni hesabu, sio kilo. Moli ni kama trei. Trei ya mayai ya kienyeji na trei ya kisasa zote 30 lakini ziweke kwenye mzani uone. Moli moja ya magnesiamu ni gramu 24. Moli moja ya oksaidi ni 24 na oksijeni 16 jumla 40. Mimi asubuhi nilikuwa nampa mteja kilo kwa kilo, wakati nilitakiwa kwanza nibadilishe gramu kuwa trei. 4.8 gawa kwa 24 ni trei 0.2. Mbili kwa mbili, kwahiyo oksaidi nayo trei 0.2. Zidisha 40, gramu 8. Halafu hata bila hesabu ningeshtuka, yale majivu meupe ni magnesiamu na oksijeni iliyoingia ndani yake, yatabakije 4.8? Lazima yazidi.

Jioni sikumbuki saa. Mafuta, moshi, miguu imevimba, mtu kataka chenji ya elfu kumi kwa chipsi kavu. Tumefunga, nimesugua karai.

Kitabu kilipofika nilikagua kabla sijaoga. 8.0. Kukagua siku hizi silali bila kufanya, kwa sababu wiki iliyopita nilizunguka na oksijeni 8 kichwani siku mbili nzima, ile ni namba yake ya atomi, masi yake ni 16, na kila nilipojikumbusha ndio nilikuwa naligongelea kosa misumari. Kujiuliza bila kitabu kunanifundisha, lakini kunafundisha na uongo vilevile usipokagua.

Dogo alikuwa bado kasimama mlangoni. Nikamweleza mambo ya trei, akaelewa haraka kuliko nilivyotaka. Akauliza, sasa dada, oksijeni iliyotumika ni gramu ngapi? Nikamwambia simpo, magnesiamu trei 2 inataka oksijeni trei 1, kwahiyo 0.2 inataka 0.1, mara 16 ni 1.6. Akaangalia boksi. Akasema, 4.8 jumlisha 1.6 mbona sio 8?

Akaenda kulala, kaniacha nayo. Inatakiwa 3.2, mara mbili kamili ya jibu langu. Hiyo 2 ndogo iliyokaa chini ya O ndio naishuku. Kitabu kiko hapa chini ya mto na ukurasa naujua, ila sikifungui. Nimeandika 1.6 kwenye boksi jipya nikaweka na alama ya kuuliza. Kesho kuna ndoo tatu za kumenya.