Nilivyoacha kushindana na bekari kubwa kwa bei

Bekari kubwa ya mjini kwetu Tanga iliposhusha bei ya jumla ya mkate wa gramu 400 hadi shilingi 850, mimi mkate wa namna ileile ulikuwa unanigharimu 920 kabla haujatoka mlangoni. Nilikuwa nawauzia wenye maduka kwa 1,000, nao wanauza 1,200. Ndugu yangu akaniambia, "Dada, na wewe shusha, wateja watahama." Nikamwomba asubiri kwanza nipige hesabu, kwa sababu kuuza kwa 850 kitu kinachokugharimu 920 ni kumlipa mteja aje kukumaliza.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mfuko wa unga wa kilo 25, ukitia maji, sukari, mafuta, hamira na chumvi, unatoa donge la kilo 43 hivi. Mkate wa gramu 400 unakatwa gramu 460 za donge, maana maji hupotea tanurini, kwa hiyo mfuko mmoja unatoa mikate 94 au karibu na hapo. Unga na viungo vyote vilinifikisha shilingi 620 kwa mkate. Shilingi 300 zilizobaki zilikuwa kuni, mishahara, mfuko wa plastiki wenye chapa na bodaboda wa kusambaza.

Watu wengi hapa mtaani huamini kwamba siri ya bekari kubwa ni unga wa bei ya chee. Kweli wanachukua kwa lori moja kwa moja kinuni, lakini hata kama kila mfuko unawapunguzia shilingi 3,000, ukigawa kwa mikate 94 ni kama shilingi 32 tu. Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi kule ndiye aliyenifumbua macho. Tanuri lao halipoi: mkupuo mmoja ukitoka, mwingine unaingia, usiku kucha, kwa hiyo moto wa kulipasha tanuri wanaulipia mara moja. Wana aina moja ya mkate, kopo moja, uzito mmoja, na mashine inakata madonge bila mtu kushika mizani. Alfajiri gari linatoka limejaa na kushusha duka hadi duka, kuanzia Ngamiani hadi njia ya Muheza, na mkate umetiwa dawa ya kuzuia ukungu ili ukae rafuni siku kadhaa. Faida yao iko kwenye zile shilingi 300 zangu, ambazo kwao nakadiria hazifiki nusu.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo wengi tunaivuruga. Kuuza rahisi anaweza yeyote, hata mimi, kwa wiki mbili. Kuzalisha kwa gharama ndogo kuliko wenzako wote ni jambo lingine, linahitaji kila kitu kipangwe kwa ajili hiyo, tangu kopo hadi gari. Nisingeweza kuwafuata huko bila kununua tanuri lao, mashine yao na magari yao, na bado wangekuwa mbele yangu kwa wingi wa mikate.

Kwa hiyo nikatafuta kitu ambacho mteja atakilipia zaidi, na ambacho wao wakikiiga kitawaharibia mpango wao. Sharti la pili ndilo lenye kazi. Ningeweza kutia ufuta juu ya mkate, watu wakapenda, na wiki inayofuata wao wangetia ufuta pia.

Nikachagua mkate wa tui la nazi na iliki, unaotoka tanurini saa kumi jioni, watu wakirudi makazini na birika la chai likiwa linakaribia kuinjikwa. Nusu ya maji ya kukandia ni tui, kama lita saba kwa mfuko, na nazi zake ni 20 hivi. Tui kwenye joto la Tanga halina subira. Likikaa saa chache linaanza kuchacha, kwa hiyo nazi zinakunwa siku hiyohiyo. Na mkate wenyewe haukai. Kesho yake jioni hauna tena ladha ile. Kwangu hiyo si shida, maana unaisha dirishani kabla ya magharibi. Kwa mtu anayeoka usiku ili gari liondoke alfajiri na mkate ukae rafuni hadi kesho kutwa, ni mkosi mtupu.

Tui na iliki viliongeza shilingi 200, hivyo viungo vikawa 820. Bodaboda niliwaacha, na mfuko wenye chapa nikaubadilisha na karatasi ya kaki, kwa sababu mkate wa moto ndani ya plastiki unatoa jasho na ganda linalegea. Hata hivyo, kwa kuwa nilioka michache, mishahara na kuni viligawanywa kwa mikate michache, na zile 300 zikapanda hadi 380. Jumla 1,200. Nikauza 1,600 dirishani, bila mwenye duka katikati na bila mikate kurudi. Zamani mifuko minne ya unga kwa siku ilikuwa inaniachia shilingi 80 kwa mkate, karibu 30,000, kabla sijatoa mikate iliyorudi. Sasa mifuko miwili inaniachia 400 kwa mkate, karibu 75,000. Ladha tamu isingenisaidia kama nyongeza ya bei ingekuwa ndogo kuliko nyongeza ya gharama. Hiyo ndiyo hesabu ninayoitazama kila mwezi, wala sitazami idadi ya mikate.

Ndugu yangu hakukata tamaa. Akashauri tuoke vyote viwili, wa nazi jioni na wa kawaida asubuhi, tupate huku na kule. Michael Porter, msomi wa biashara wa Harvard aliyeyaandika mambo haya mwaka 1980, alionya kwamba anayetaka njia zote mbili hukwama katikati, na kwangu tanuri lenyewe lilikuwa shahidi. Mkate wa kawaida unataka moto mkali. Wa nazi una sukari nyingi, ukiuingiza kwenye moto huo ganda linaungua na ndani bado ubichi. Kabla ya kuuingiza natupa unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri: ukiwa mweusi papo hapo, nasubiri, ukigeuka kahawia polepole, naingiza. Kusubiri huko ni moto wa kuni unaopotea bure na watu wawili waliosimama mikono kiunoni. Kwa hiyo mkate wa asubuhi ungekuwa bado ghali kuliko wao, na wa jioni ungechelewa dirishani, ambako mtoto aliyetumwa haulizi mkakati, anauliza, "Mama, wa nazi umetoka?"

Njia hii ina ukomo wake. Soko langu ni watu wanaopita kwa miguu na pikipiki saa ile. Duka la Korogwe sitalifikia. Mvua kubwa ya jioni inanibakishia mikate, na hiyo naikausha kuwa tosti, naiuza kwa bei ya kurudisha gharama. Tena nazi si unga, bei yake inaruka. Ilipopanda mara ya mwisho, msaidizi wangu alipendekeza tupunguze tui na kuongeza arki ya dukani. Bekari kubwa ilishawahi kutoa mkate wa arki ya nazi, wa bei nafuu, na wanaoutaka wanaupata huko. Nikaongeza shilingi 100 kwenye bei na tui likabaki lita saba. Wateja wachache walinung'unika, wawili watatu walihama, foleni ya saa kumi ikabaki karibu ileile.