Kusahau uzito kabla ya kuuandika

Msimu wa korosho huku Masasi, karani wa chama cha msingi anasoma mizani: kilo 73. Anageukia daftari, namba imeshayeyuka. Hajazeeka wala hajarogwa. Ana wiki kadhaa anawaza deni.

Kumbukumbu ya papo kwa papo hubeba vitu vinne hivi kwa mpigo, na namba huishikilia kwa kuirudiarudia kimoyomoyo. Wasiwasi nao huongea humohumo: "Nisipolipa je?" Sauti ni moja, kazi mbili. Kwa hiyo namba haikusahaulika, haikupata hata pa kukaa.

Autamke uzito kwa sauti huku akiandika, kabla hajamjibu mtu. Deni aliandike kwenye karatasi nyingine, pamoja na saa ya kulishughulikia. Usahaulifu ukiendelea hata siku ametulia na amelala vizuri, akapimwe wingi wa damu na tezi ya shingoni.